Kugawa vijana kwa kura: vikundi vya haki bila mtu kubaki wa mwisho

Jumamosi moja huko Kailo tulikutana vijana wa makanisa manne ya jirani. Wengine walikuja kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wachache walitoka Kindu kwa piki-piki. Baada ya ibada ya asubuhi tulitaka kuwagawa katika vikundi vya mafundisho, na vikundi hivyo hivyo vicheze balo jioni. Tulifanya kama tulivyozoea: tukasimamisha makapiteni, tukawaambia kila mmoja achague watu wake kwa zamu.

Mwanzoni watu walicheka na kupiga makofi. Kisha mstari ukapungua, kicheko kikaisha. Mwishoni alibaki binti mmoja anayetembea kwa shida kwa sababu ya mguu wake. Makapiteni wawili wakaanza kuambiana, “Umchukue wewe.” Akapelekwa kwenye kikundi kilichokuwa na pengo. Hakuna aliyemtukana. Lakini wakati wa chakula hakuonekana, na Jumapili hakurudi.

Kosa lilikuwa letu sisi viongozi. Mtu akichagua wenzake mbele ya watu, lazima mmoja awe wa mwisho, na kila aliye pale anaona ni nani. Hata makapiteni wakiwa na moyo mwema, njia yenyewe inazaa jambo hilo. Tangu siku ile tunagawa kwa kura. Makala hii inaeleza jinsi ya kuifanya haraka, na mahali inapoharibika.

Kura ya zamani

Kura si mchezo mgeni kwa msomaji wa Biblia. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25 tunasoma habari za waimbaji 288 wa hekaluni, waliopangwa katika zamu 24 za watu 12 kila moja. Utaratibu wa zamu ulipatikana kwa kura, mkubwa na mdogo sawasawa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Hakuna ukoo uliosukumwa mwisho kwa kuwa haupendwi.

Katika Matendo 1 tunaona jambo lingine la kufaa. Mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walitaja kwanza sharti: awe mtu aliyefuatana nao tangu mwanzo. Wakapatikana wawili, na kura ikapigwa kati ya hao. Kwa hiyo sharti lilitangulia, kura ikafuata. Tutarudi kwa jambo hili tukifika kwenye sufuria mbili.

Hesabu watu kwanza

Tuchukue mfano kamili. Mna vijana 47 na mnataka vikundi 6. Gawa 47 kwa 6: unapata 7, na wanabaki 5. Maana yake vikundi vitano vitakuwa na watu 8, na kimoja kitakuwa na watu 7. Kusiwe na tofauti ya zaidi ya mtu mmoja kati ya kikundi na kikundi.

Sasa chukua kurasa sita za kaye, zenye ukubwa mmoja. Kunja ukurasa katikati, kisha tena, kisha mara ya tatu. Ukiufungua na kuukata kwenye mikunjo, utapata vipande 8 vilivyo sawa. Kila ukurasa ni kikundi kimoja. Kwa biki andika 1 kwenye vipande vyote vya ukurasa wa kwanza, 2 kwenye vya ukurasa wa pili, hivyo hivyo mpaka 6. Una vipande 48, lakini watu ni 47. Toa kipande kimoja cha kikundi cha 6 na ukiweke mfukoni. Kitakuwa na kazi baadaye.

Kama kuna wasiosoma tarakimu, chora mistari: mstari mmoja kwa kikundi cha kwanza, miwili kwa cha pili, na kuendelea. Kama vikundi vinafika tisa, piga mstari chini ya 6 na chini ya 9, maana karatasi ikigeuzwa tarakimu hizo zinafanana, na mtu ataenda kwenye kikundi kisicho chake.

Hapa kuna kosa ambalo viongozi wengi hufanya. Wanatayarisha karatasi nyumbani kwa watu 48, halafu wanafika 40, nao wanaacha karatasi zote ndani ya sufuria. Karatasi 8 zitabaki bila mwenyewe, na hujui zitakuwa za kikundi gani. Kikundi kimoja kinaweza kubaki na watu wanne au watano wakati kingine kina wanane. Basi hesabu watu waliosimama mbele yako, kisha ondoa karatasi zinazozidi kwa usawa, moja kwa kila kikundi, kabla mtu yeyote hajatia mkono.

Kuchanganya

Kunja kila kipande mara mbili, kwa namna moja, ili mkono usitambue tofauti. Watu wengine hutumia mbegu badala ya karatasi: punje za mahindi kwa kikundi kimoja, maharagi kwa kingine, karanga kwa kingine. Inapendeza kwa macho, lakini kidole kinajua maharagi na mahindi hata gizani. Kijana anayetaka kuwa na rafiki yake atapapasa mpaka aipate mbegu anayoitaka. Vitu vya kura vifanane kwa mkono.

Weka vipande kwenye sufuria kubwa au ndoo, na uchanganye kweli. Usitikise tu. Ingiza mkono mpaka chini, pandisha vya chini juu, shusha vya juu chini, mara nyingi. Ulivikata ukurasa kwa ukurasa na ukavitia kwa mfuatano, kwa hiyo vya kikundi cha 6 viko juu. Usipofika chini, watu wa kwanza katika mstari watachota 6 na 5 tu. Na watu wa kwanza katika mstari ni akina nani? Mara nyingi ni marafiki waliokuja pamoja.

Kosa hili limewahi kutokea mahali pakubwa. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya Marekani ilipiga kura kujua ni vijana gani wataitwa kwanza katika jeshi wakati wa vita vya Vietnamu. Tarehe 366 za kuzaliwa zilifungwa ndani ya vidonge vidogo vitupu, zikatiwa katika chombo mwezi baada ya mwezi, Januari kwanza na Desemba mwisho. Havikuchanganywa vya kutosha. Wataalamu wa hesabu walipochunguza matokeo, waliona kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka walielekea kupata namba za mwanzo, yaani waliitwa mapema kuliko wengine. Hakuna aliyefanya hila. Mchanganyo hafifu ulitosha, na kwa vijana wale lilikuwa jambo la uzima na mauti. Mwaka uliofuata utaratibu wa kuchanganya ulibadilishwa.

Wa kwanza na wa mwisho ni sawa

Mkianza kuchota, mtaona watu wakisukumana ili wachote mapema. Wanaamini kwamba anayechota mwisho anapata mabaki. Waelezeni polepole, kwa mfano mdogo.

Tuseme kuna karatasi nne, na moja ina alama. Anayechota kwanza ana nafasi moja kati ya nne. Anayefuata je? Ili aipate, lazima wa kwanza awe ameikosa, na hilo hutokea mara tatu kati ya nne. Kisha yeye achague moja kati ya tatu zilizobaki. Robo tatu, ikigawanywa kwa tatu, ni robo moja. Nafasi yake ni ile ile. Ukiendelea hivyo, wa tatu na wa nne pia wanapata robo. Kwa hiyo katika kura yule anayechota mwisho hajachaguliwa mwisho. Amefunguliwa mlango ule ule kama wengine, isipokuwa alisimama nyuma.

Ili jambo hili lionekane, tunaongeza sheria moja: hakuna anayefungua karatasi yake mpaka wote wamechota. Kila mmoja anachukua ya kwanza iliyogusa kidole chake, anafumba mkono, anarudi mahali pake. Halafu kiongozi anasema, “Fungueni.” Watu 47 wanafungua kwa pamoja. Hakuna mstari unaopungua, hakuna anayetazamwa. Sheria hii inazuia pia biashara ya kubadilishana, maana kama wa kwanza anajua amepata 2, rafiki yake ataanza kutafuta mwenye 2 wa kubadilishana naye kabla mstari haujaisha.

Na wakishafungua, kila mmoja aende moja kwa moja mahali pa kikundi chake na kumpa karatasi yake kiongozi aliyesimama pale. Mkiona kikundi cha 3 kina watu tisa lakini karatasi nane, mmoja wao amehama.

Sufuria mbili

Kura peke yake haiangalii jambo lolote. Inaweza kuweka wasichana wote sita wa kanisa moja pamoja, na kuacha kikundi kingine na msichana mmoja tu kati ya wavulana saba. Huyo hatabaki wa mwisho, lakini atakuwa peke yake, na wengine wetu tunajua kwamba hilo nalo linafukuza mtu.

Hapa tunafanya kama katika Matendo 1: sharti kwanza, kura baadaye. Tumia sufuria mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana.

Turudi kwa vijana wetu 47. Tuseme wasichana ni 20 na wavulana ni 27. Wasichana 20 kwa vikundi 6 ni watatu kila kikundi, wanabaki wawili. Basi toa katika sufuria karatasi nne za kikundi cha 1, nne za kikundi cha 2, na tatu za kila kikundi cha 3, 4, 5 na 6. Hizo ni 8 na 12, jumla 20. Zitie katika sufuria ya wasichana. Zote zilizobaki, bila kuhesabu tena, ni za wavulana: nne za 1, nne za 2, tano za 3, tano za 4, tano za 5, na nne za 6. Jumla 27. Vikundi viwili vya kwanza vitakuwa na wasichana wanne na wavulana wanne. Vitatu vinavyofuata vitakuwa na wasichana watatu na wavulana watano. Cha sita kitakuwa na watatu na wanne. Ukubwa haukuharibika, na hakuna msichana aliye peke yake.

Ni vizuri kwamba karatasi za wavulana ni zile zilizobaki. Viongozi wakitengeneza kila sufuria kivyake, wakianzia 1 pande zote mbili, ziada zote zinaanguka kwenye vikundi vya mwanzo, na mwishoni kikundi cha 1 kinakuwa na watu tisa wakati cha 6 kina saba.

Kwa mchezo wa balo unaweza kugawa sufuria kwa njia nyingine: wanaocheza katika timu ya kanisa upande mmoja, na wengine wote upande mwingine. Lakini msitangaze sufuria ya “wasiojua.” Mkiita watu kwa udhaifu wao mmerudisha kapiteni kwa mlango wa nyuma. Waite wachezaji wa timu tu wachote kwanza, kisha wote waliobaki. Na msizidishe sufuria mbili. Ukianza kutenga kwa kanisa, kwa umri, kwa kijiji na kwa uimbaji, kura haina tena kazi, ni kiongozi anayechagua.

Kuna watu wasiotengana: mama mwenye mtoto mgongoni na dada anayemsaidia, au mtoto wa ekodim asiyekubali kuachana na kaka yake. Tangazeni mbele ya wote, kabla ya kuchota, kwamba wawili hao watachota karatasi moja. Karatasi ya pili ya kikundi hicho itatafutwa katika sufuria na kuondolewa kabla wengine hawajaendelea. Wao wachote kwanza.

Kama hakuna karatasi

Mara nyingine mvua inatishia, watu ni wengi, na hakuna kaye wala biki. Hapo watu huhesabiwa kwa mstari: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kisha moja tena. Inachukua dakika mbili. Lakini angalia mambo mawili.

La kwanza, hesabu mpaka idadi ya vikundi, si idadi ya watu katika kikundi. Ukitaka vikundi 6 vya watu 8 ukahesabu mpaka nane, utapata vikundi vinane, na wewe una walimu sita.

La pili, hesabu ya mstari si kura. Marafiki wakisimama pamoja wanatengana kila mara, hilo ni jema. Lakini baada ya Jumamosi mbili watakuwa wamejifunza. Atasimama mmoja, kisha wengine watano, kisha rafiki yake. Ukiona watu wanahama-hama katika mstari na kuhesabu kwa vidole, wameshajua. Dawa yake ni kuficha mwanzo. Panga mstari kwanza, ukatae mtu kuhama, halafu mwite mtoto mmoja aonyeshe mtu yeyote kwa macho yamefumbwa. Anza kuhesabu kwa huyo, mpaka mwisho wa mstari, kisha urudi mwanzoni na kuendelea. Hata hivyo, walioachana kwa hatua sita watakutana mara nyingi, kwa hiyo siku ambayo vikundi vina uzito, tafuta karatasi.

Wanaochelewa, na wanaonung'unika

Kijana wa kwanza anayechelewa anapewa ile karatasi iliyo mfukoni. Sasa vikundi vyote sita vina watu wanane. Kwa wale wanaofuata, tia katika sufuria karatasi sita mpya, moja kwa kila kikundi, kila mmoja achote yake. Kwa njia hii hakuna kikundi kinachoulizwa kama kinamtaka. Swali hilo ndilo lililomuumiza binti wa Kailo.

Halafu watakuja wanaosema kwamba kura ilipangwa, kwa kuwa marafiki fulani wako pamoja. Hapa hesabu inasaidia. Katika watu 47 na vikundi sita, sufuria ikiwa moja, marafiki wawili waliotajwa kabla wataangukia kikundi kimoja karibu mara moja kati ya saba. Si ajabu hata kidogo. Marafiki watatu waliotajwa kabla watakutana wote karibu mara moja kati ya hamsini. Na kwa kuwa katika kusanyiko kuna marafiki watatu-watatu wengi, siku moja baadhi yao watakutana, na hiyo ni bahati tu. Lakini watatu wale wale wakikutana Jumamosi tatu mfululizo, usiwagombeze kwanza. Nenda uangalie jinsi karatasi zinavyokunjwa, nani anachanganya, na nani anashika sufuria. Aliyeandika karatasi asiwe yeye anayeshika sufuria.

Jambo la mwisho linawahusu viongozi wenyewe. Kura ikishafunguliwa, msiirudie kwa sababu matokeo hayakuwapendeza. Mkiirudia mara moja, kila mtu atajua kwamba mngeirudia tena kama mngetaka, na kwamba matokeo yaliyobaki ni yale mliyoyachagua. Kama kuna jambo msilotaka litokee, lisemeni kabla, litengenezeeni sufuria, kisha mkubali yatakayotoka.

Na msichague makapiteni kabla ya kugawa. Kikundi kikishakaa chini ya mti wake, karatasi nane nyingine, moja ikiwa na msalaba, zinatosha kumpata atakayeongoza. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo Kailo, msalaba ulimwangukia kijana ambaye miaka yote tulikuwa tunamwona akibaki kati ya wale wawili au watatu wa mwisho. Alisimama akashika karatasi yake muda kidogo, kisha akawauliza wenzake majina yao.